Mahojiano hayajihalalishi yenyewe

"Kwenye utafiti wangu nimeandika upositivisti ni namba, ufasiri ni mahojiano, kwa hiyo nachagua mahojiano. Mwalimu kasema sijatoa sababu. Nimekosea wapi?"

Umerukia mbinu kabla ya kusema unauonaje ukweli wa kijamii. Mwaka 1897 mwanasosholojia Durkheim, kwa mtazamo wa upositivisti, alilinganisha viwango vya kujiua: kwake takwimu zilipima kitu kilicho nje ya mtu mmoja mmoja. Mfuasi wa ufasiri anaanza kwingine: nani aliamua kwamba kifo hiki ni cha kujiua? Ofisa alisoma barua, akasikiliza familia, akafasiri. Kwake takwimu yenyewe ndiyo ya kuchunguzwa.

Swali lako likiwa "kwa nini viwango vinatofautiana", mahojiano kumi hayatakutetea. Likiwa "wahusika wanakielewaje kifo", sema hivyo, na ukiri kuwa hutajumlisha kwa jamii nzima. Swali lako hasa ni lipi?