Koti begani

Kwa miaka mingi nilitaka kuandika kuhusu asubuhi moja tu ya baba yangu. Mara ya kwanza nilianza hivi: "Wazazi hujinyima mengi kwa ajili yetu. Mara nyingi hatuoni mpaka tunapokuwa wakubwa. Tuwathamini wangali hai." Nikamtumia dada yangu. Akajibu, "Kweli kabisa," na mazungumzo yakaishia hapo.

Niliyarudia maneno yale kwa sauti, nikagundua kwamba baba hayumo. Yumo mzazi yeyote. Kosa lilikuwa kwenye vitenzi: "hujinyima" ni cha kila siku na cha kila mtu, na "tuwathamini" kinamwambia msomaji la kufanya kabla hajaona kitu. Tangu hapo, nikiandika kisa kifupi, kwanza nazisaka *hu-* na *tu-* za namna hiyo. Kila ninapozikuta najiuliza: ni siku gani hasa? Nilikuwa nimesimama wapi? Nilikuwa naangalia nini?

Kwa kisa hiki jibu lilikuwa dirisha la basi. Nikaandika upya:

"Januari 2003, stendi ya Muheza. Baba alipandisha tranka langu juu ya basi, akanipa noti ya shilingi 1,000 iliyokunjwa mara nne. 'Shika. Mimi nauli ya kurudi ninayo.' Basi lilikaa karibu saa nzima likisubiri abiria. Tulipokwenda kama kilomita tano kuelekea Segera, niliona mtu anatembea pembeni ya lami, koti begani, viatu mkononi. Honi ikalia. Akageukia upande wa michungwa, akasimama hivyo mpaka tukapita."

Basi, hicho ndicho kisa chote. Hakuna neno "upendo" wala "umaskini", na sikueleza kwa nini aligeuka.

Kilichonisumbua zaidi ni kuchagua nini kibaki. Rasimu ilikuwa na rangi ya basi, sare yangu mpya, mama muuza maandazi, na mvua ya usiku uliotangulia. Vyote vilikuwa vya kweli, lakini nikivitoa hakuna kinachoanguka. Viatu mkononi ukivitoa, msomaji hajui kwamba ndivyo viatu vyake vya kutokea na kwamba njia bado ni ndefu. Saa nzima ya kusubiri ukiitoa, mtu makini atauliza baba aliwezaje kufika kilomita tano mbele ya basi. Na ile nauli anayosema anayo lazima itajwe mapema, kwa mdomo wake mwenyewe, la sivyo kutembea kwake hakusemi kitu.

Tena kuna *-ka-*. Kiswahili kimetupa chombo kizuri cha kusukuma kisa mbele, lakini ukikiachia kinageuka ripoti: nikaamka, nikaoga, nikapanda, nikaona. Mimi hufungua na *-li-*, kisha naweka *-ka-* pale tu tendo moja linapolisukuma jingine. Honi ikalia, akageuka, akasimama: hapo *-ka-* zinafuatana kwa haki. Kule juu niliandika "niliona", si "nikaona", kwa sababu nilitaka msomaji atulie kidogo hapo, macho yake yashuke kwenye koti na viatu kabla honi haijalia.

Sentensi ya mwisho niliifuta mara tatu. Ya kwanza ilisema, "Siku hiyo nilielewa maana ya kuwa baba." Si kweli, sikuelewa chochote. Nilikuwa na miaka 14, na nilichokifanya ni kuinamisha kichwa ili mwenzangu wa pembeni asijue yule ni nani. Hilo nalo niliwahi kuliandika, kisha nikaliondoa, maana lilihamisha jicho kutoka kwa baba kuja kwangu. Linastahili kisa chake siku nyingine, nami nitakiandika.

Nilipomaliza nilimtumia kaka yangu, ambaye siku ile alibaki nyumbani. Hakuandika "kweli kabisa". Alinipigia simu.

"Mdogo wangu, ni lile koti la kahawia?"

"Ndilo."

Akanyamaza kidogo. "Alifika adhuhuri. Mama akamuuliza mbona miguu ina vumbi hivyo. Akasema haisi ilikuwa imejaa, wakamshusha hapo njia panda."

Nilikaa na kalamu mkononi nikitamani kuiongeza sentensi hiyo mwishoni. Sikuiongeza. Kisa kile ni cha dirishani, na kutoka pale dirishani mimi niliona mgongo wake tu, na michungwa.