Tonge lilipokataa kupita

Juzi msomaji ameniandikia: "Dada, tangu mume wangu asimamishwe kazi chakula hakipiti. Nikijilazimisha natapika. Nifanyeje?"

Ujumbe ule umenirudisha mwaka jana, wiki tatu tulizosubiri majibu ya kinyama alichokatwa mama kwenye titi. Siku ya tatu harufu ya vitunguu ikanitia kichefuchefu. Shangazi akanijazia sahani ya ugali na maharage, akakaa mbele yangu. "Kula! Unajidekeza, mgonjwa ni mama yako." Tonge la tatu nikakimbilia chooni. Neno lile linaniuma hadi leo, maana sikuwa nadeka. Mwili ukiwa na hofu, tumbo huchelewa kushusha chakula. Vitonge vya asubuhi vinaweza kukufanya ujione umeshiba hadi mchana. Na kila nilipotapika nilizidi kuiogopa sahani.

Aliyenivusha ni jirani yetu, nesi mstaafu. Alikuja na uji kwenye chupa ya chai, akanimiminia nusu kikombe tu. "Usingoje njaa, mwanangu. Fuata saa." Nusu kikombe kila baada ya saa mbili hivi.

Uji wenyewe uwe mwepesi wa kunyweka, kwa sababu vya majimaji hushuka tumboni upesi kuliko ugali. Badala ya nusu ya maji, weka maziwa. Ukishauepua, koroga kijiko kikubwa kimoja cha siagi ya karanga: kinaongeza kalori kama 90 bila kuongeza ujazo. Uache upoe, uwe vuguvugu, kwa sababu cha moto kinafukiza harufu. Kahawa niliiacha kabisa, ilinizidishia mapigo ya moyo.

Siku ya kwanza niliweza mara nne. Baadaye nikaongeza nusu ndizi mbivu, kisha yai la kuchemsha. Ugali ulirudi mwishoni kabisa, majibu yalipotoka kwamba uvimbe wa mama si saratani. Nilikuwa nimepungua kilo nne.

Ninyi mnaopikia mtu wa namna hii, acheni kumhesabia matonge! Mwekeeni kikombe karibu, mwondoke.

Lakini uji una mpaka wake. Ukitapika hata maji, mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, au ukiona kizunguzungu ukisimama, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Aliyekaa siku tano au zaidi karibu bila kula asirukie mlo mkubwa, wala asijianzishie mwenyewe: chumvichumvi za damu zinaweza kuvurugika vibaya, kwa hiyo aanzishwe polepole na wataalamu. Mwenye dawa za kisukari awapigie kliniki mapema, sukari isije ikashuka.

Wewe uliyeniandikia umesema maji yanakaa, na chai ya maziwa ulikunywa. Basi kesho saa moja asubuhi anza na nusu kikombe. Kikikaa, saa tatu kingine. Kisipokaa, kunywa mafunda matatu, pumzika robo saa, ujaribu tena. Jumamosi jipime uzito, uniandikie.