Maswali na majibu: Kukagua mapato ya pango

*Tunakagua kampuni yenye fremu 40 Mwanjelwa. Jedwali la mikataba na leja vinakubaliana hadi shilingi ya mwisho. Bado kuna haja ya kuchimba? – Mkaguzi msaidizi, Mbeya*

Ipo. Mara nyingi vitabu hivyo viwili huandikwa na mtu mmoja, kwa hiyo kukubaliana kwake hakukuambii kitu. Unachotafuta ni kodi iliyopokelewa bila kuandikwa, nayo haimo kwenye karatasi ulizopewa. Anzia kwenye majengo ndipo uje kwenye jedwali.

Tuseme kila fremu ni 150,000 kwa mwezi. Zote zikikaliwa mwaka mzima, mapato ni 72,000,000. Leja inaonyesha 63,000,000, na meneja anaeleza kuwa fremu tano zilikaa tupu mwaka wote. Hesabu inakubali: tano mara miezi 12 mara 150,000 ni 9,000,000. Wengi huishia hapo, wakaweka tiki. Wewe nenda sokoni bila kutoa taarifa, hesabu milango kwa namba zake. Ukikuta mbili kati ya hizo "tupu" zimejaa vitenge na mabegi, muulize mwenye duka ameingia lini na kodi anamkabidhi nani. Omba kuona leseni yake ya biashara na manunuzi ya Luku ya mita ile, maana fremu tupu hainunui umeme kila wiki. Kama wamekuwepo mwaka mzima, 3,600,000 hazijaingia vitabuni, na swali sasa ni zimeingia mfukoni mwa nani.

Ziara yako ya Januari haithibitishi hali ya Machi iliyopita. Ndiyo maana Luku na leseni zina uzito kuliko macho yako.

*Mhasibu wetu ameweka dhamana za wapangaji kwenye mapato kwa sababu "hela imeshaingia". Tumwambie nini? – Iringa mjini*

Mwambieni aihamishie kwenye madeni. Dhamana ni hela ya mpangaji mpaka mkataba utakaporuhusu kuikata, kwa mfano kwa uharibifu au kodi aliyoacha bila kulipa.

Kisha ipimeni kwa pande mbili. Kutoka kwenye mikataba kwenda kwenye orodha ya dhamana mtaona dhamana zilizopokelewa zisiandikwe. Kutoka kwenye orodha ya dhamana kwenda kwa wapangaji mtaona majina ya waliohama zamani. Hao waliohama ndio wa kutazamwa sana: kama vitabu vinasema wamerudishiwa, ombeni hati ya malipo yenye saini, kisha mpigieni simu mpangaji mwenyewe kwa namba iliyo kwenye mkataba, si kwa namba atakayowapa mtunza fedha. Barua za uthibitisho kwa wapangaji wa fremu hujibiwa kwa nadra, ni afadhali kuwafuata dukani.

*Orodha ya malimbikizo inaonyesha mpangaji wetu mkubwa, kampuni, anadaiwa kila mwezi, naye anaapa halipi pungufu. Nani mkweli? – Uyole*

Huenda wote wawili. Kampuni inayolipa pango la biashara hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA. Pango likiwa 1,000,000 bila VAT, benki inapokea 900,000. Mhasibu asiyeandika zuio anabaki na deni la 100,000 kila mwezi, na baada ya mwaka ni 1,200,000 za mtu asiyedaiwa. Mdai hati za zuio. Zikiwepo, kiasi hicho ni kodi ya mapato ambayo kampuni yenu imeshalipiwa huko TRA. Zisipokuwepo, deni libaki na mpangaji aulizwe.

Angalia pia jumla ya orodha. Huku wengi hulipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na mfumo huweza kuonyesha malipo hayo kama deni hasi. Jumla ya 4,000,000 inaweza kuwa wadaiwa wa 9,400,000 wakipunguzwa na waliotanguliza 5,400,000. Hela iliyotangulizwa na fulani hailipi deni la mwingine. Zitenganishwe: malipo ya mbele yawe deni la kampuni, na wadaiwa wapangwe kwa umri, ndipo muone nani amepitisha miezi mitatu na nani alishafunga fremu akahama. Huyo wa mwisho tengeni hasara yake sasa, baada ya kupunguza dhamana yake kwenye deni.

*Meneja anasema wadaiwa wote wa Desemba walilipa Januari. Risiti zinatosha? – Mbalizi*

Zinatosha ukisoma zinalipia mwezi gani. Mpangaji anayedaiwa Oktoba hadi Desemba akileta hela ya mwezi mmoja Januari, mtunza fedha anaweza kuandika ni ya Januari, na malimbikizo yako palepale. Linganisha risiti ya EFD na taarifa ya benki, tarehe na kiasi, kisha uone imefuta mwezi upi kwenye leja ya mpangaji huyo.