Majibu yaliyokatwa mkia: pima urefu wa seli kabla hujaanza kuchambua

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi za data, hasa nyie mnaopewa yale majibu ya wazi ya dodoso, yale ya "una maoni gani kuhusu huduma hii", kuna kitu kimoja nataka mkijue mapema maana mimi nilikijua nikiwa nimeshaandika nusu ya ripoti. Faili linaweza kukufikia likiwa na mistari yote, kolamu zote, hakuna eneo tupu, hakuna ujumbe wowote mwekundu, halafu kumbe majibu marefu yote yamekatwa mkia.

Yangu ilikuwa hivi. Tulikuwa na dodoso la huduma ya maji ya kwenye vioski, majibu 412, swali la mwisho ni maoni. Data ilitoka kwenye serva ikiwa ya Excel, mi nikaipitisha kwenye Access ili niunganishe namba ya kaya na orodha ya vioski, nikaitoa tena kama Excel nikaanza kusoma na kupanga mada. Nimefika jibu la themanini na kitu nikaona moja linaishia hivi:

"...lakini tatizo kubwa ni ku"

Nikasema huyu karani alichoka. Nikaendelea. Baada ya majibu kama kumi nikakuta jingine linaishia "tulimwambia mwenyekiti akas". Hapo ndo nikasimama, maana karani mmoja kuchoka sawa, ila makarani wawili tofauti, wilaya mbili tofauti, wote wachoke katikati ya neno?

Nikaongeza kolamu pembeni, maoni yako D, nikaandika kwenye F:

```
=LEN(D2)
```

nikaivuta mpaka chini, halafu kwenye seli mbili za pembeni:

```
=MAX(F2:F413)
=COUNTIF(F2:F413,MAX(F2:F413))
```

Ya kwanza ikaleta 255. Ya pili ikaleta 37. Yaani jibu refu kuliko yote lina herufi 255, na wako watu 37 walioongea herufi 255 kamili, hakuna hata mmoja aliyefika 256. Kwa kulinganisha, urefu wa 254 ulikuwa na watatu, 253 mmoja, 252 hakuna. Watu hawaongei hivyo. Majibu ya kweli ukiyapanga kwa urefu unakuta mafupi ni mengi, yanapungua taratibu, mwishoni wanabaki wawili watatu waliomwaga hadithi nzima, kila mmoja na urefu wake. Ukiona rundo limejazana kwenye namba moja ya mwisho ujue hapo kuna ukuta.

Sasa kwa nini 255, na kwa nini kimyakimya. Njia ambayo Access na programu nyingine kadhaa za ofisini hutumia kusoma shiti la Excel inakisia aina ya kila kolamu kwa kuchungulia mistari michache ya juu, kwa kawaida minane. Kama kwenye hiyo minane hakuna seli iliyozidi herufi 255, inaamua hii ni kolamu ya maandishi mafupi, na aina hiyo mwisho wake ni 255, kwa hiyo jibu refu lililoko mstari wa 90 linakatwa ili lienee. Mistari yangu ya juu ilikuwa ya siku ya kwanza ya kazi, makarani bado wageni, wameandika "hakuna", "sina maoni", "huduma nzuri". Hao wanane ndo waliokata wengine wote. Na hii ndo sababu kosa linakuwa gumu kulinasa, maana ungepanga mistari kwa wilaya badala ya tarehe pengine jibu refu lingekaa mstari wa tatu na kila kitu kingepita salama, kwa hiyo usije ukasema "mbona mwezi uliopita nilifanya hivihivi na haikukata".

Kuta nyingine mtakazokutana nazo ni hizi, ziwekeni kichwani. Seli ya Excel yenyewe mwisho ni herufi 32,767, ya Google Sheets 50,000. Mnaweza kusema nani anaandika herufi elfu thelathini, ila kwa Kiswahili hiyo ni kama maneno elfu tano hivi, na mazungumzo ya kikundi ya saa moja na nusu yakinakiliwa neno kwa neno yanapita hapo vizuri tu. Ukiandika faili la Excel kwa Python kupitia `openpyxl` maandishi yakizidi hapo yanakatwa bila hata onyo. Halafu kuna `GROUP_CONCAT` ya MySQL, ile ya kuunganisha maoni mengi kuwa mstari mmoja, isipobadilishwa inaishia 1,024. Kwa hiyo ukipima urefu wa juu ukakuta 255, 1,024 au 32,767, usisubiri ushahidi mwingine, simama hapohapo.

Nirudi kwenye kupima, maana hapa kuna mtego ambao na mimi ulinikaba. Pimeni KABLA ya kusafisha. Tabia ya wengi wetu faili likifika tu tunapiga `TRIM` kuondoa nafasi za ziada, na nafasi zikiondoka ukuta unabomoka. Jibu lililokatwa pale penye nafasi kati ya neno na neno linabaki 254, lenye nafasi mbilimbili katikati linashuka mpaka 250 au chini zaidi. Nilijaribu kwenye faili langu nikaona rundo la 37 limebaki 30, hao saba wengine wametawanyika chini. Ukiwa na data ndogo zaidi ungeweza kuangalia ukasema mbona sioni kitu.

Kwa wanaotumia Python:

```python
import pandas as pd
df = pd.read_excel("majibu.xlsx", dtype=str).fillna("")
u = df["maoni"].str.len()
print(u.value_counts().sort_index().tail(10))
```

Hapo unapata urefu kumi wa juu na idadi ya watu kwenye kila mmoja, rundo likiwepo utaliona kwa macho. Ila kuna mifumo inakata kwa baiti badala ya herufi. Herufi zetu za kawaida zinakula baiti moja moja, lakini zile alama za nukuu zilizopinda ambazo simu inaziweka yenyewe zinakula tatu, emoji nyingi zinakula nne, kwa hiyo wawili waliokatwa kwenye baiti 255 mmoja utamkuta na herufi 255 na mwingine 247. Ukishuku hilo badilisha mstari wa `u` uwe hivi:

```python
u = df["maoni"].map(lambda s: len(s.encode("utf-8")))
```

Na ukikuta kialama cha � mwisho kabisa wa jibu, hapo herufi imepasuliwa katikati, huhitaji kubishana.

Kipimo cha pili ni cha mkia wenyewe, na hapa Kiswahili chetu kinatusaidia. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Jibu likiishia na konsonanti, kama lile la "akas", lina walakini. Andika `=RIGHT(D2,25)` uone mikia yote imepangwa kwenye kolamu moja, kuisoma 412 ni dakika kumi tu. Lakini msikiamini hiki peke yake. Kwanza yapo majibu mazima yanayoishia na konsonanti, majina ya watu na mitaa, "maalum", halafu makarani wanaandika "kbs" na "sn" kama wanachati na mchumba. Pili kisu kinaweza kuangukia kwenye irabu, "ni ku" inaishia na irabu na bado imekatwa. Kwa hiyo linganisha makundi mawili: kwangu kwenye wale 37 wa ukutani 15 waliishia na konsonanti, kwenye wale 375 wengine walikuwa 11 tu. Tofauti hiyo ndo inakwambia kitu, jibu moja moja halikwambii.

Kabla hujaenda kumlaumu mtu, hakikisha pia fomu yenyewe haikuwekewa kikomo cha herufi. Kama iliwekewa, rundo litakuwepo ila hakuna kilichopotea kwenye faili, kimepotea kule kijijini siku ileile. Namna ya kujua ni kufungua rekodi moja kule ilikotoka, kwenye serva au kwenye simu ya karani, ukaisoma kwa macho. Mi nilianza na ile ya "ni ku". Kule ilikuwa inaendelea "kulipishwa mara mbili kwa ndoo zilezile, ukiuliza unaambiwa mashine haikusoma", na bado mistari minne mbele.

Baada ya hapo nikapakua upya kutoka kwenye serva kama CSV ya UTF-8, nikaisoma moja kwa moja bila kupita Access, nikalinganisha urefu wa zamani na mpya kwa namba ya kaya. Msilinganishe kwa kutafuta maandishi yenyewe kwa `VLOOKUP`, unachotafuta kikizidi herufi 255 inaleta `#VALUE!`, ukuta uleule tena. Kati ya 37, waliokatwa kweli walikuwa 36, mmoja aliandika herufi 255 kamili na akaweka nukta yake, Mungu tu ndo anajua alifanyaje. Jibu refu kuliko yote sasa lilikuwa herufi 1,140.

Kilichoniuma ni mada. Malalamiko ya kulipishwa mara mbili nilikuwa nimehesabu 19, yakawa 33. Na si ajabu, maana mtu wetu ukimuuliza maoni anaanza na shukrani, anasifia mradi, anaeleza hali ya zamani ilivyokuwa, ndo anasema "lakini". Hiyo lakini mara nyingi inakuja baada ya herufi ya 200. Kwa hiyo ukikata mwisho hupunguzi maneno kidogo kwa kila mtu, unawageuza wenye malalamiko wanaonekana wameridhika, tena wale waliokuwa na mengi ya kusema.

Na kama chanzo hakipo tena, simu zimefutwa na serva imefungwa, usiyatupe hayo majibu wala usijaribu kuyamalizia kwa kukisia. Ongeza kolamu uite `imekatika`, weka 1 kwa waliogonga ukuta na 0 kwa wengine. Mada uliyoiona kwenye jibu lililokatwa unaihesabu kama kawaida, lakini mada usiyoiona humo usiandike "hakutaja", iache wazi, na kwenye jedwali la ripoti andika chini kwamba majibu 37 kati ya 412 hayakusomwa mpaka mwisho.