Wacha jina kubwa, soma lile dogo: mgongo ulinipeleka hadi kwenye figo

"Wadau, natumia losartani ya presha. Mgongo umenikaba tangu Jumapili, kemisti amenipa diklofenaki, na nyumbani niko na brufeni ilibaki. Kikaratasi cha ndani kina maandishi kama mchwa. Nisome wapi hasa?"

Weka hiyo diklo chini. Na hiyo brufeni pia. Kama hujameza, usimeze, na kama umeshameza, usiongeze nyingine, halafu usome haya yote kabla hujarudi kwa huyo jamaa wa kemisti. Hapa ulipo ndipo nilipokuwa mimi mwaka juzi, mgongo huohuo na presha hiyohiyo. Nimekasirika hadi chai yangu imepoa.

Mimi ni mtu wa mitumba Gikomba. Siku moja nilibeba belo peke yangu kwa sababu kijana wangu hakufika kazini, na mgongo ukalia ka! Nilikuwa nimeshatumia dawa ya presha miaka 4, tembe moja kila asubuhi. Nilijua jina lake kubwa, lile la biashara, ambalo mwishoni lina herufi H. Nikadhani H ni ya haipatenshoni. Kumbe ni haidroklorothiazidi, dawa ya kukojoza, imewekwa ndani ya tembe moja na losartani. Miaka 4 nameza dawa mbili nikidhani ni moja, na karatasi iliyoeleza hayo niliichana siku ya kwanza nikafungia mahindi ya kuchoma.

Basi nikaingia kemisti mtaani. Jamaa amevaa koti jeupe, nikaona koti nikadhani nimeona cheti. Sikuulizwa natumia dawa gani nyingine. Swali moja tu: "Uko na ngapi?" Nikamwambia mia. Akachukua mkasi, akakata tembe kadhaa kutoka kwa pakata, ule ukanda wa tembe, akazitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika 1x3. Jina la dawa lilibaki kwenye kile kipande alichorudisha kabatini. Kwangu zilikuja herufi tatu tu, "fen", na tarehe ya mwisho hakuna. Kikaratasi cha maelezo? Kilikuwa kwenye boksi, na boksi halikutoka dukani.

Zile zilikuwa ibuprofeni, ndiyo hiyo brufeni yako, za miligramu 400. Tatu kwa siku ni 1200, na hapo ndipo mwisho wa kile mtu anachoweza kumeza bila daktari. Kama ningeishia hapo na kama nisingekuwa mtu wa presha, pengine leo nisingekuwa na hadithi.

Siku ya tatu mgongo haujalegea. Jirani yangu, Mungu amlinde na mdomo wake, akaniletea dawa "kali ya misuli", jina lake kubwa limeandikwa kama jina la gari la mashindano. Nikameza 1x3 nayo, na ibuprofeni nikaendelea nayo, kwa sababu majina ni tofauti na rangi ni tofauti. Maumivu yakizidi naongeza zile tembe nyeupe za kichwa, mbili mbili, mara tatu kwa siku. Nilikuwa nimejaa dawa kuliko hilo kemisti lenyewe.

Siku ya nne, viatu vikakataa kuingia mguuni, nikalaumu joto. Mkojo ukawa mchache na wa rangi ya chai ya rangi, nikalaumu kutokunywa maji. Siku ya saba kichefuchefu, na presha iliyokuwa imetulia ikapanda hadi 178 kwa 104. Siku ya tisa mke wangu akanipakia kwenye teksi bila kuniuliza.

Tukapata klinika na mama mmoja daktari, mtu mzima, mpole. Hakugusa mgongo wangu. Alisema: "Baba, mwaga dawa zote mezani." Nikamwaga. Akazipanga kama karata, lakini hakuzipanga kwa majina makubwa. Aligeuza kila pakata upande wa nyuma, akatafuta ule mstari mdogo unaosema kila tembe ina nini na miligramu ngapi, akawa anaandika. Ile dawa ya gari la mashindano ilikuwa na diklofenaki 50, parasetamoli 500 na klorzoksazoni 250, zote ndani ya tembe moja.

Tukapiga hesabu pamoja. Parasetamoli: 500 mara tatu ni 1500, kutoka kwa dawa ya misuli. Zile nyeupe nazo ni parasetamoli 500, mbili mara tatu, 3000. Jumla 4500, na mtu mzima hapaswi kupita 4000 kwa saa 24, yaani tembe 8 za 500. Nilikuwa napita kila siku bila kujua, maana hakuna pakiti hata moja iliyosema 4500. Kila moja ilisema sehemu yake tu.

Halafu akaweka kidole kwenye ibuprofeni na kidole kingine kwenye diklofenaki. "Hizi ni ndugu wa tumbo moja." Zote zinapunguza maumivu na uvimbe kwa njia ileile. Kumeza mbili kwa pamoja hakukufanyi upone mara mbili, kunaongeza madhara: tumbo linaweza kutoka vidonda na damu, na figo zinabanwa. Diklofenaki 150 kwa siku, ambayo ndiyo nilikuwa nameza, peke yake ni kiwango cha juu kabisa.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu hapa ndipo uko wewe. Mama alinieleza figo kama tangi la maji la ploti. Damu inaingia kwa bomba moja, inachujwa kwa presha, inatoka kwa bomba lingine. Mwili unatumia kemikali fulani kuliweka bomba la kuingilia wazi. Ibuprofeni na diklofenaki zinazuia kemikali hiyo, bomba la kuingilia linabana. Losartani kazi yake ni kulegeza mishipa, na kwenye figo inalegeza hasa bomba la kutokea. Mlango wa kuingia umebanwa, wa kutoka umeachwa wazi, presha ya kuchuja inashuka. Ukiongeza dawa ya kukojoza, ni kama mtaa umewekwa kwenye mgao wa maji, hata kile kidogo cha kuingia kimepungua. Losartani na ile ya kukojoza zilikuwa zimekaa miaka 4 bila kunisumbua. Dawa ya mgongo ndiyo iliyokuja kuvuruga. Na ndiyo hiyo hiyo inayofanya mwili ushike chumvi na maji, ndiyo maana presha ilipanda huku nameza dawa ya presha kila asubuhi kama mtoto mzuri.

Kipimo cha damu cha figo kikarudi: kreatinini, ile taka ambayo figo zinapaswa kuichuja, ilikuwa 291. Miezi mitatu nyuma, kwenye kadi yangu ya kliniki, ilikuwa 88. Nililazwa siku 5. Dawa za mgongo zilisimamishwa zote, ya presha wao wakaisimamisha kwa muda wakiniangalia. Ilichukua wiki 6 kushuka hadi 121, na mpaka leo haijarudi 88. Bili sitaitaja, lakini belo tatu za jaketi ziliondoka.

Nilipotoka nilifanya jambo la kijinga. Nilirudi kemisti nikamwomba lile boksi ambalo tembe zangu zilikatwa, nikafungua kikaratasi pale pale kwenye kaunta. Sehemu ya pili, ile ya mambo ya kujua kabla ya kumeza, ina kichwa kidogo kuhusu dawa nyingine. Mstari wa nne hivi: umwambie daktari kama unatumia dawa za presha, na mfano uliotajwa mmojawapo ni losartani. Kwa jina! Jamaa akasoma, akaniambia, "Hayo huwa wanaandika tu, mzee, ni ya kujikinga na kesi." Nilitoka kabla sijafanya kesi nyingine.

Kwa hiyo uliuliza usome wapi. Geuza pakata, tafuta jina dogo, lile lililo karibu na miligramu. Jina kubwa ni la muuzaji. Jina dogo ndilo dawa. Kama mkasi umelikata, dawa hiyo hujaijua, irudishe uombe pakata nzima au uoneshwe boksi. Andika majina madogo ya kila unachomeza, hata ya mafua, hata ya mitishamba iliyochanganywa na tembe. Jina likitokea mara mbili kwenye orodha yako, hapo umeshajipiga. Kisha kwenye kikaratasi ruka mbio hadi sehemu ya dawa nyingine, utafute jina dogo la dawa yako ya presha. Usipoliona kwa jina lake litakuwa limefichwa kwa ukoo: losartani na wenzake wanaishia na "sartan", wale wengine wa presha wanaishia na "pril". Pakiti huacha ile i ya mwisho, usidanganyike. Maandishi ya mchwa piga picha kwa simu uyavute kwa vidole viwili.

Ile 1x3 kwenye bahasha haikuambii lolote kati ya haya. Inakuambia umeze tembe moja mara tatu, basi. Haijui kuna losartani jikoni kwako.

Na tafadhali usije ukasoma haya ukaacha dawa ya presha mwenyewe. Ya kuacha ni hizo za mgongo. Parasetamoli peke yake haibani bomba, kwa hiyo ndiyo niliyobaki nayo mimi, nikihesabu zile 8, na kama ini lako lina shida au unakunywa pombe sana muulize daktari kwanza. Kama umeshameza diklo siku kadhaa na losartani, nenda upimwe figo wiki hii, na uende na pakata zote kwenye mfuko wa plastiki. Mkojo ukipungua au mguu ukivimba usingoje wiki.

Bandika hapa majina madogo ya vyote vitatu na miligramu zake. Losartani yako pia iangalie mwishoni kama ina H.