Dogo kaanguka na boda, kazimia kidogo

"Wakuu, dogo kajigonga kichwa saa mbili zilizopita, kazimia kama dakika mbili, sasa yuko fresh anakula, nimpeleke au nisubiri asubuhi?"

Mkuu mpeleke sasa hivi, asubuhi mbali. Hapo kwenye panja, juu ya sikio, mfupa ni mwembamba na kwa ndani umepitiwa na ateri, mfupa ukipasuka unaichana, damu inajaa kati ya fuvu na utando mgumu wa ubongo. Kule kuzimia ni mtikisiko tu, ndo maana kaamka, ila kama ateri imechanika damu haijaacha kuvuja na fuvu halitanuki.

Jirani yangu hapa Moshi aliangukiwa na tofali saiti saa tisa, akanywa na chai kabisa, saa kumi na mbili kichwa kinamuuma vibaya, anatapika, tukamulika tochi ya simu, mboni ya kulia kubwa na haisinyai, mkono wa kushoto umelegea. Siti skani ikaonyesha donge limetuna kama lenzi, wakafungua fuvu usiku uleule, wakalitoa na kuziba mshipa. Donge kubwa vile halina kidonge, likiachwa linasukuma ubongo chini mpaka linabana sehemu inayoendesha pumzi, anaacha kupumua.

Na aspirini usimpe kabisa, inazidisha kuvuja.