Dekoda iko ndani ya kabati na rimoti haishiki? Soma hapa kabla hujanunua rimoti mpya

Rimoti nyingi za dekoda zinatumia mwanga wa infraredi, macho yetu hayauoni ila ni mwanga tu, kwa hiyo mlango wa mbao ukifungwa haupiti. Vioo vingi vyeupe vinaupitisha, vya giza inategemea, jaribu kwanza. Na kabla ya yote hakikisha rimoti yenyewe ni nzima: washa kamera ya mbele ya simu, elekeza rimoti pale, bonyeza, ukiona kitaa kinamweka zambarau au cheupe rimoti inarusha. Sasa fungua mlango ujaribu, ikishika ujue shida ni kabati.

Kama kuna nafasi sogeza dekoda mbele au toboa mlango usawa wa sensa ya dekoda inayopokea mwanga wa rimoti, basi umemaliza. Mimi nyumbani sikutaka kutoboa nikaweka ekstenda ya infraredi. Ina jicho la kupokea unalobandika nje, halafu waya mwembamba wenye kitaa cha kurushia unaingia ndani unabandikwa kwenye uso wa dekoda.

Hapo kwenye kubandika ndipo wengi wanakwama. Kitaa lazima kikae juu ya sensa yenyewe, sio popote kwenye plastiki nyeusi. Mulika tochi ya simu kwa upande utaona kama kijidirisha au kijidude cha duara nyuma ya ile plastiki, ndiyo sensa hiyo. Usipoiona, shika kitaa kwa mkono, kitembeze polepole huku mwenzako anabonyeza rimoti akiwa mbele ya jicho la nje na mlango umefungwa (ukiwa wazi dekoda inaweza kupokea kutoka kwa rimoti moja kwa moja, ukadhani ekstenda inafanya kazi). Pakishika ndio ubandike.

Umeme nao! Ekstenda yangu inatumia USB, nikaichomeka nyuma ya dekoda, ikawa kuzima inazima vizuri ila kuwasha haiwashi. Dekoda ikilala inakata umeme wa tundu la USB, ekstenda nayo inakufa, sasa nani apokee amri ya kuwasha? Nikahamishia kwenye chaja ya simu ukutani, tatizo likaisha.

Majicho mengi yana kitaa kidogo kinachomweka ukibonyeza rimoti, hicho kitakusaidia sana. Kikimweka na dekoda imetulia tu, rudi kwenye kitaa cha ndani, kimehama au waya haujaingia vizuri. Kikimweka chenyewe bila mtu kushika rimoti, kuna mwanga unakisumbua, jua la dirishani, taa fulani au mwanga wa tivii, hamisha jicho mbali na ukingo wa skrini. Na kama mlango ni wa kioo, funika kitaa cha ndani kwa soltepu nyeusi, maana mwanga wake ukitoka nje unaingia tena kwenye jicho na amri zinavurugika, unabonyeza chaneli moja inaruka mbili au haishiki kabisa.